Kusafisha rasimu ya sauti: muhtasari wa kikoba kutoka fujo hadi karatasi ya kusaini

Mimi ni katibu wa kikoba cha watu 30, na mihtasari yetu huwa naiandika kwa mdomo. Nikitoka kikaoni nakaa kwenye daladala, nafungua ukurasa mtupu wa Google Docs, nabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye kibodi ya Gboard, nasimulia dakika tano, kazi imekwisha. Yaani nilidhani imekwisha. Mwaka wa kwanza nilisambaza muhtasari uliosema kwamba mwanachama mmoja "akalipa" deni, kumbe nilikuwa nimesema "hakulipa". Sentensi ilisomeka vizuri kabisa na hakuna aliyeishtukia. Ilichukua vikao viwili na maneno makali kurekebisha herufi mbili.

Tangu hapo nina utaratibu wa kusafisha, na ndio huu. Nitautumia kwenye rasimu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho ili uone mkono unavyokwenda. Majina nimeyaondoa. Kwetu hata hivyo kila mwanachama huitwa kwa namba yake.

Rasimu mbichi, kama simu ilivyoiandika:

"kikao kilianza saa 8 na nusu mchana walihudhuria wanachama 22 kati ya 30 mweka hazina akasoma mapato hisa zilizonunuliwa ni 64 jumla laki 3 na 20 halafu namba 7 akaomba mkoba wa laki 5 nimesahau kabla ya hapo tulisoma muhtasari wa kikao kilichopita tukaupitisha kuhusu namba 14 dini lake la elfu 80 alisema ata rejesha mwezi huu akalipa mwezi uliopita kwa hiyo anakatwa fani ya elfu 5 eeh elfu 10 zamani ya namba 7 ni kisa zake na wa zamini wawili tukakubaliana kuhusu safari ya Bagamoyo wengine wanasema nauli ni kubwa tutaongea kikao kijacho wanachama walipiga kula wakamchagua namba 22 kuwa mtunza funguo mpya tukafunga saa 11"

Kabla ya kugusa chochote

Nakili rasimu nzima na ujitumie WhatsApp, au iweke kwenye faili jingine. Hiyo nakala usiiguse. Kuandika kwa sauti kwenye kibodi hakukuachii rekodi ya kurudia kusikiliza. Maneno yanageuzwa kuwa maandishi na sauti yako imekwenda na upepo. Ukishafuta "akalipa" na baadaye ukajiuliza hapo palikuwa na nini, hiyo nakala mbichi ndiyo shahidi wako pekee, pamoja na daftari na kumbukumbu zako.

Kwa sababu hiyohiyo, safisha siku ileile. Usiku huo bado unakumbuka nani alisema nini. Baada ya siku tatu utakuwa unabahatisha, na ubaya ni kwamba hutajua kuwa unabahatisha.

Ukikuta aya nzima imejaa maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, usihangaike kuisafisha. Kibodi ilikuwa imewekwa lugha ya Kiingereza na imejaribu kusikia Kiingereza ndani ya Kiswahili chako. Badilisha lugha kisha sema upya, ni haraka kuliko kufumbua mafumbo.

Kwanza kata, usiweke nukta

Karibu kila mtu huanza na nukta na mkato, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kukosekana. Mimi naviacha hadi mwisho. Sentensi utazihamisha, nyingine utaziunganisha, nyingine utazifuta, na kila ukihamisha kitu unalazimika kurudia nukta na herufi kubwa ulizokwisha kuweka.

Unachofanya mwanzo ni kubonyeza Enter tu, kila wazo linapoisha. Kuweka kielekezi mahali hasa unapotaka kwa kidole ni adha, kwa hiyo telezesha kidole juu ya kitufe kirefu cha nafasi, nacho kielekezi kitasogea herufi moja moja.

Pa kukatia panajionyesha. Tafuta mtendaji mpya akifuatwa na kitenzi chake: "mweka hazina akasoma", "namba 7 akaomba". Tafuta pia maneno tunayoanzia tukiongea: halafu, kuhusu, basi, ila, kwa hiyo. Ukimaliza, rasimu yetu inakuwa hivi, kwa sehemu:

mweka hazina akasoma mapato
hisa zilizonunuliwa ni 64 jumla laki 3 na 20
halafu namba 7 akaomba mkoba wa laki 5
nimesahau kabla ya hapo tulisoma muhtasari wa kikao kilichopita tukaupitisha
kuhusu namba 14 dini lake la elfu 80
alisema ata rejesha mwezi huu
akalipa mwezi uliopita
kwa hiyo anakatwa fani ya elfu 5 eeh elfu 10

Kuna mahali utasita, hujui ukate wapi. Kwenye rasimu hii ni pale kwenye "wawili tukakubaliana kuhusu safari". Je, walikubaliana juu ya wadhamini, au juu ya safari? Usiamue sasa. Weka alama ya kuuliza mbili, ??, uendelee. Mahali pa kusita ndipo penye tatizo kubwa, nasi tutapafikia.

Maneno yaliyosikika vibaya

Sasa nenda mstari kwa mstari. Makosa yako ya namna mbili, na namna ya kwanza inajitangaza yenyewe: "ata rejesha" ni atarejesha, "wa zamini" ni wadhamini, "fani" ni faini. Simu imekitenga kiambishi na mzizi wake, au imechanganya dh na z, r na l, th na s. Mengine ni matamshi yetu wenyewe. Mimi nikiongea haraka nasema "zamana" badala ya dhamana, na simu, isipolijua neno hilo, inachukua linalofanana nalo, ndipo tukapata "zamani ya namba 7". "Walipiga kula" nayo ni kura, bila ubishi.

Kiswahili kinakupa mpelelezi wa bure hapa, nao ni upatanisho. Tazama "dini lake". Dini ni "yake", siyo "lake". Nomino imekosewa lakini kimilikishi kimesikika sawasawa, na kinasema kwamba kilichotajwa ni neno la ngeli ya li-ya. Nini kinafanana na dini na kinachukua "lake"? Deni. Vivyo hivyo "kisa zake": kisa kingekuwa "chake". Hiyo "zake" inataka hisa. Kila ukiona nomino na kiambishi chake vinagombana, kiamini kiambishi kwanza, kisha mtafute mwenye nyumba.

Mpelelezi huyu ana mpaka. "Mkoba wa laki 5" hauna ugomvi wowote, kwa kuwa mkoba na mkopo ni ngeli moja. Hapo kinachokuokoa ni kujua kwamba hakuna mtu anayeomba mkoba kwenye kikoba.

Kama neno limekosewa mara nyingi, utatamani kubadilisha yote kwa mkupuo. Kwenye Google Docs bonyeza nukta tatu, kisha Find and replace. Lakini ukibadilisha "kula" kuwa "kura" kwa Replace all, kila "chakula" ndani ya muhtasari itakuwa "chakura". Mimi napita moja moja, hata zikiwa kumi.

Sasa namna ya pili, ile iliyonitia aibu: kosa linalosomeka vizuri. Kikagua tahajia hakiligusi, maana kila neno ni neno halali. Kwetu mtego mkubwa uko kwenye ukanushi wa wakati uliopita. Sikiliza haya ukiyatamka haraka:

hakulipa, akalipa
hakuleta, akaleta
hatukupitisha, tukapitisha
hatukukubaliana, tukakubaliana

Ile h ya mwanzo ni pumzi tu, na wengi wetu tunaimeza. Ikishamezwa, kinachotofautisha "hakulipa" na "akalipa" ni u na a katikati ya neno. Ndani ya daladala lenye muziki, simu haitaisikia tofauti hiyo. Matokeo yake si neno baya, ni maana iliyogeuzwa.

Dawa yake ni kukagua kila kitenzi chenye -ka- na kukiuliza: kinachofuata kinakubaliana nawe? Kwenye rasimu yetu, "akalipa mwezi uliopita" inafuatwa na "kwa hiyo anakatwa faini". Mtu hakatwi faini kwa kulipa. Ni "hakulipa". Kisha fungua daftari la mweka hazina kuthibitisha, kwa sababu hapa umebadilisha "ndiyo" kuwa "hapana" kwa hoja tu, na hoja haitoshi kwenye fedha ya mtu.

Turudi kwenye zile ??. "Zamani ya namba 7 ni kisa zake na wa zamini wawili tukakubaliana kuhusu safari ya Bagamoyo wengine wanasema nauli ni kubwa tutaongea kikao kijacho." Kuna njia mbili za kuisoma. Ya kwanza: dhamana ni hisa na wadhamini wawili, tukakubaliana. Kuhusu safari, wengine wanasema nauli ni kubwa. Ya pili: dhamana ni hisa na wadhamini wawili. Hatukukubaliana kuhusu safari. Zote mbili zinaingia akilini, na hakuna kitu ndani ya maandishi kinachoweza kuamua. Niliangalia daftari: pale kwenye safari nilikuwa nimeandika "bado". Kwa hiyo ni ya pili.

Lakini ona kilichotokea. Tukishaliondoa "tukakubaliana" kwa namba 7, muhtasari hausemi popote kama mkopo wake ulipitishwa. Nilisahau kabisa kulisema. Daftari lina alama ya vema mbele ya 500,000, basi nikaongeza mstari huo. Ukisafisha sauti usitafute makosa tu, tafuta na mashimo. Mtu akisimulia huruka jambo ambalo kwake ni dhahiri.

Tarakimu

Kwa mdomo tunafupisha fedha kwa namna ambayo karatasi haiwezi kuibeba. "Laki tatu na ishirini" kila mtu anajua ni 320,000, lakini "laki 3 na 20" kwenye maandishi inaweza kusomwa 300,020. "Elfu ishirini na tano" ina tatizo hilohilo: 25,000 au 20,005? Andika kiasi chote kwa tarakimu kamili, na usiishie hapo, kikague kwa hesabu. Hisa yetu ni 5,000. Hisa 64 mara 5,000 ni 320,000. Imekubali. Kama zidisho lingekataa, basi ama idadi ya hisa imesikika vibaya, ama jumla, na unajua mahali pa kutafuta.

"Elfu 5 eeh elfu 10" ni kujisahihisha. Kwa kawaida la mwisho ndilo sahihi, kwa hiyo la kwanza hufutwa pamoja na "eeh" yake. Hata hivyo faini imeandikwa kwenye katiba ya kikundi, na kuifungua ni sekunde thelathini. Ni 10,000.

Saa hazina ugumu mradi usiziache bila kipindi chake. "Tukafunga saa 11" iongezewe jioni.

Kupanga upya

Muhtasari una mpangilio ambao wanachama wanautarajia: kufungua na mahudhurio, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, fedha, mikopo na marejesho, mengineyo, kufunga. Andika vichwa hivyo juu ya ukurasa, kisha kata kila mstari uubandike chini ya kichwa chake. Kwenye simu ni rahisi zaidi kuanzia chini ya rasimu kwenda juu, kwa kuwa ulichokwisha kuhamisha hakikuchanganyi.

Fuata ishara za msemaji aliyerudi nyuma: "nimesahau", "kabla ya hapo", "ngoja kwanza". Mstari wenye ishara hiyo unahama, na ishara yenyewe inafutwa. Kwetu, kusoma muhtasari kunapanda juu ya taarifa ya fedha, na dhamana ya namba 7 inarudi kukaa na mkopo wake, ambao ilikuwa imetenganishwa nao na habari zote za namba 14.

Kuhamisha kunavunja vitu viwili. Kwanza ni ile -ka-. Inaendeleza tukio lililotajwa kabla yake, kwa hiyo sentensi inayofungua kichwa kipya ikianza na "Mweka hazina akasoma" inaning'inia, kama hadithi iliyokatwa kichwa. Igeuze iwe "alisoma", na -ka- zibaki kwa matukio yanayofuata ndani ya kichwa kilekile. Pili ni mtendaji. "Alisema atarejesha mwezi huu" ilieleweka ilipokuwa nyuma ya namba 14. Ikihamishwa peke yake, haijulikani ni nani aliyesema. Kila mstari uliouhamisha usome kama mtu ambaye hakuwepo: nani? nini? Pasipo jibu, rudisha jina.

Sasa nukta na mikato

Kwa kuwa kila wazo lina mstari wake, nukta zinajiweka. Weka herufi kubwa, unganisha mistari mifupi, na imebaki mikato michache na alama za kuuliza.

Alama za kuuliza zinataka umakini, maana swali la ndiyo au hapana kwa Kiswahili halibadilishi mpangilio wa maneno. "Fedha zipo benki" na "Fedha zipo benki?" ni maneno yaleyale, yanatofautiana kwa sauti ya mwisho tu, na sauti ndiyo iliyopotea. Kwenye kikao kingine nilikuwa na mstari "namba 3 akasema fedha zipo benki", ungedhani alikuwa akitoa taarifa. Alikuwa akiuliza, tena kwa hasira. Nikaandika: "Namba 3 aliuliza kama fedha zipo benki." Kugeuza swali kuwa "aliuliza kama" ni salama kuliko kutegemea alama moja ndogo.

Mkato nao unaweza kubadilisha mhusika. "Wanachama waliochelewa walitozwa faini" ni wale waliochelewa tu. "Wanachama, waliochelewa, walitozwa faini" inawachelewesha wote. Kama una shaka, usiuweke.

Rasimu yetu ikiwa imesafishwa:

Kufungua na mahudhurio. Kikao kilianza saa 8:30 mchana. Walihudhuria wanachama 22 kati ya 30.

Muhtasari uliopita. Ulisomwa na kupitishwa.

Fedha. Mweka hazina alisoma taarifa ya mapato. Hisa zilizonunuliwa ni 64, jumla shilingi 320,000.

Mikopo na marejesho. Namba 7 aliomba mkopo wa shilingi 500,000. Dhamana yake ni hisa zake pamoja na wadhamini wawili. Mkopo ulipitishwa. Namba 14 ana deni la shilingi 80,000. Hakulipa mwezi uliopita, kwa hiyo anakatwa faini ya shilingi 10,000. Alisema atarejesha deni mwezi huu.

Mengineyo. Hatukukubaliana kuhusu safari ya Bagamoyo, kwani baadhi ya wanachama walisema nauli ni kubwa. Suala litazungumzwa kikao kijacho. Wanachama walipiga kura wakamchagua namba 22 kuwa mtunza funguo mpya.

Kufunga. Kikao kilifungwa saa 11:00 jioni.

Kichwa cha yatokanayo nimekifuta kwa sababu hayakuwepo. Kilichosalia ni kuusoma kwa sauti, polepole, kidole kikiwa juu ya neno. Macho yanaruka, mdomo hauruki. Kisha mpigie mweka hazina umsomee mistari yenye tarakimu na mistari yenye "hakuna", "haku-" na "hatuku-". Hiyo tu, si yote. Dakika mbili zinatosha, naye hatachoka kupokea simu zako.

Ukifanya hivi mara tatu nne utaona simu yako inarudia makosa yaleyale, kwa kuwa na wewe unatamka vilevile. Yangu nimeyaandika nyuma ya daftari: dhamana/zamani, hisa/kisa, mkopo/mkoba, haku/aka. Naanza na hayo kabla ya kusoma chochote kingine.

Nakala mbichi kule WhatsApp naiacha hadi kikao kinachofuata. Muhtasari ukishasomwa, ukapitishwa na mwenyekiti akasaini, naifuta.